Lengo la siku 125 na funzo lake kwa maafisa wa madai ya fidia

NGOJA ngoja huumiza matumbo, walinena wahenga, na hakuna anayeuelewa usemi huu kuliko mtu aliyewasilisha dai la fidia akaambiwa arudi mwezi ujao. Ndiyo sababu mara kwa mara wakuu wa mashirika ya bima na ya malipo ya uzeeni huwaandikia waraka wafanyakazi wa idara ya madai, wakiwatangazia muda mpya ambao kila dai lapaswa kuwa limekwisha kushughulikiwa. Waraka huo huwa mfupi, na jambo linalokumbukwa ndani yake ni nambari moja tu: siku 30, siku 60 au siku 90.

Hata hivyo, nambari hiyo ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Uzito uko katika maswali matatu ambayo waraka mwingi huyapita kimyakimya. Siku ya kwanza ni ipi? Siku ya mwisho ni ipi? Na ni madai gani ambayo hayatahesabiwa kabisa? Afisa anayejibiwa maswali hayo hujua anachotakiwa kufanya. Asiyejibiwa hujitafutia majibu yake mwenyewe, na mara nyingi jibu analolipata ni lile linaloipendeza ripoti ya mwisho wa mwezi wala si lile linalomfaa mdai.

Mfano ulio wazi zaidi wa jambo hili unatoka Amerika, katika wizara inayoshughulikia wanajeshi wastaafu. Wizara hiyo iliwatangazia maafisa wake lengo la siku 125 mwaka 2010, ikaeleza jinsi litakavyopimwa, na kwa miaka mitano iliyofuata wakaguzi, bunge na vyombo vya habari wakafuatilia kila hatua. Kwa sababu hiyo tunajua kilichofaulu, kilichoharibika na namna kilivyogunduliwa.

DAI LENYEWE

Mwanajeshi wa Amerika aliyeumia au kuugua kutokana na utumishi wake ana haki ya kulipwa fidia kila mwezi. Kiwango cha malipo hutegemea asilimia ya ulemavu ambayo wizara humpa baada ya kuchunguza ushahidi. Dai moja laweza kuwa na mambo kadha ndani yake: goti lililovunjika, masikio yaliyoharibiwa na milipuko, na matatizo ya akili yatokanayo na vita. Kila jambo huamuliwa peke yake, kisha asilimia hizo huunganishwa.

Wakati huo madai yalikuwa yakipokelewa na kuamuliwa katika afisi 56 za kimaeneo. Dai lilipitia hatua tano. Kwanza lilisajiliwa na kupewa tarehe. Pili, afisa wa kwanza alikusanya ushahidi: rekodi za matibabu jeshini, rekodi za hospitali za kibinafsi, na matokeo ya uchunguzi wa daktari aliyeteuliwa na wizara. Tatu, afisa mwingine mwenye ujuzi wa kupima ulemavu aliamua asilimia. Nne, malipo yalikokotolewa na barua ya uamuzi ikaandikwa. Tano, msimamizi aliidhinisha.

Msomaji atadhani kwamba kuchelewa hutokea katika hatua ya tatu, kwa kuwa ndiyo ya uamuzi. La hasha. Muda mwingi hupotelea katika hatua ya pili. Sheria iliyopitishwa mwaka 2000 inailazimu wizara kumsaidia mdai kutafuta ushahidi, na ushahidi huo huwa mikononi mwa watu wengine: makao ya jeshi, hospitali, daktari wa kijijini aliyekwisha kustaafu. Afisa anaweza kuandika barua leo kisha akae majuma mengi bila jibu. Faili huwa mezani mwake, lakini kazi haimo mikononi mwake. Yeyote anayeweka lengo la siku bila kulifahamu jambo hili huwa anawapima maafisa wake kwa kasi ya watu wasiokuwa chini yake.

TANGAZO NA SABABU ZAKE

Waziri aliyelitangaza lengo hilo ni Eric Shinseki, jenerali mstaafu aliyeshika wadhifa huo Januari 2009. Lengo lenyewe lilikuwa na sehemu mbili zisizotenganishwa: kufikia mwaka 2015 pasiwe na dai lililokaa zaidi ya siku 125, na usahihi wa maamuzi uwe asilimia 98. Dai lililopita siku hizo lingeitwa limbikizo.

Sababu za tangazo hilo zilikuwa dhahiri. Vita vya Iraq na Afghanistan vilikuwa vimerejesha nyumbani maelfu ya askari, na wengi wao waliwasilisha madai yenye mambo mengi kuliko ya vizazi vilivyowatangulia. Mwaka 2009 pekee wizara ilipokea madai yapatayo milioni moja. Isitoshe, mwaka 2010 waziri huyo huyo alikubali magonjwa matatu zaidi yahesabiwe kuwa yametokana na dawa ya kuua mimea iliyonyunyizwa na majeshi ya Amerika nchini Vietnam, likiwemo tatizo la mishipa ya moyo ambalo huwapata wazee wengi. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini ulileta mamia ya maelfu ya mafaili mapya, mengine yakiwa yalikataliwa zamani na sasa yakalazimika kufunguliwa upya.

Kwa hivyo lengo halikutangazwa wakati kazi imepungua. Lilitangazwa wakati mlango umefunguliwa wazi na foleni inarefuka. Miaka mitatu ya kwanza limbikizo halikupungua, bali lilikua. Mnamo Machi 2013 lilifika kileleni: madai yapatayo 611,000 yalikuwa yamepita siku 125.

Hali ilivyokuwa ndani ya afisi ilidhihirika mwaka 2012, wakati mkaguzi mkuu wa wizara alipotembelea afisi ya Winston-Salem katika jimbo la North Carolina. Alikuta mafaili yapatayo 37,000 yamerundikwa juu ya makabati kwa kukosa nafasi, na ikabainika kwamba uzito wake ulikuwa umepita uwezo wa sakafu ya jengo. Kazi yote ilikuwa ya karatasi. Faili moja liliweza kuwa na unene wa kitabu kikubwa, na likitakikana na afisa wa hatua ya tatu ilibidi litafutwe kwanza.

SAA HUANZA LINI?

Tugeukie sasa upimaji. Tuchukue mfano wa dai moja lililofika afisini Februari 3 kwa njia ya posta. Bahasha inapigwa mhuri, kisha inawekwa kwenye sanduku pamoja na nyingine. Machi 10 karani analifikia sanduku hilo na kulisajili dai kwenye kompyuta. Ushahidi unakusanywa, asilimia inaamuliwa, na barua ya uamuzi inatumwa Juni 30.

Je, dai hili limetimiza lengo? Ukihesabu kuanzia siku bahasha ilipopokelewa, limechukua siku 147, nalo ni limbikizo. Ukihesabu kuanzia siku lilipoingizwa kwenye kompyuta, limechukua siku 112, na afisi inastahili pongezi. Faili ni lile lile, mdai ni yule yule, na kungoja kwake ni kule kule. Kilichobadilika ni siku ya kwanza tu.

Kanuni ya wizara ilikuwa sahihi: saa huanza siku dai linapopokelewa katika afisi yoyote ya wizara. Lakini Mei 20, 2013, wakati shinikizo lilipokuwa kubwa mno, makao makuu yalituma waraka wa ndani nambari 13-10. Ulihusu madai ambayo hayakuwa yameonekana hapo awali, yakagunduliwa yamejificha ndani ya faili wakati wa kushughulikia jambo jingine. Waraka uliruhusu dai la aina hiyo lipewe tarehe ya siku lilipogunduliwa, kwa masharti kwamba mkuu wa afisi aidhinishe na makao makuu yajulishwe.

Kwa dai ambalo kweli lilikuwa limesahaulika, hoja hiyo yaweza kueleweka. Lakini mlango ukishafunguliwa huingia wengi. Ripoti ya mkaguzi mkuu iliyotolewa Aprili 2015 ilionyesha kwamba katika afisi ya Philadelphia waraka huo ulitumiwa vibaya, na madai ambayo hayakuwa yamejificha popote yakapewa tarehe mpya. Dai kongwe likawa changa kwa kubadilishwa tarakimu chache. Waraka wenyewe ulikuwa umesimamishwa mwaka uliotangulia, Juni 2014, baada ya wakaguzi kuufichua udhaifu huo.

Dalili za hila ya namna hii haziko katika ripoti ya jumla. Ziko ndani ya faili. Mhuri wa posta husema Februari, kompyuta husema Machi. Barua ya mdai inayouliza habari za dai lake hutangulia tarehe ambayo dai linasemekana kuwasilishwa. Mkaguzi anayetaka ukweli huchukua mafaili machache bila kuchagua na kulinganisha tarehe hizo mbili. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja, na hakuna jedwali la takwimu liwezalo kuifanya badala yake.

KITENDAWILI CHA WASTANI

Aprili 2013 wizara ilitoa agizo jipya kwa maafisa: madai yaliyokaa zaidi ya miaka miwili yashughulikiwe kwanza, na yaamuliwe ndani ya siku 60. Baadaye ingefuata zamu ya yale yaliyopita mwaka mmoja. Mwezi uliofuata ikatangazwa kazi ya lazima ya saa za ziada, angalau saa 20 kwa mwezi kwa kila afisa anayeamua madai, hadi mwisho wa Septemba. Kufikia Juni mwaka huo mfumo mpya wa kushughulikia mafaili kwa kompyuta ulikuwa umewekwa katika afisi zote 56.

Hapo likatokea jambo lililowashangaza wengi. Limbikizo lilianza kushuka, lakini wastani wa siku za kukamilisha dai ukapanda. Katika mwaka wa fedha wa 2012 wastani huo ulikuwa takriban siku 262. Mwaka wa 2013 ulifika takriban 378. Wakosoaji walisema wizara inazidi kuzorota, ilhali wizara ilisema inaendelea vyema. Nani alikuwa mkweli?

Hebu tufikirie afisi ndogo yenye mafaili kumi. Manane ni mapya, na kila moja litakamilika likiwa na umri wa siku 60. Mawili ni makongwe na yana siku 700. Afisi ina uwezo wa kumaliza mafaili manane mwezi huu. Mkuu akichagua yale manane mapya, wastani wake utakuwa siku 60, na atasifiwa. Akichagua makongwe mawili na mapya sita, wastani utaruka hadi siku 220, naye ataitwa ajieleze. Ilhali ni katika uamuzi huu wa pili tu ambapo watu wawili waliongoja karibu miaka miwili wamelipwa.

Wastani wa madai yaliyokamilika, kwa hivyo, humwadhibu anayesafisha ghala na kumtuza anayefagia mlangoni. Afisa wa madai hahitaji kuelezwa hayo mara mbili. Akijua anapimwa kwa wastani huo, faili gumu litashuka polepole hadi chini ya rundo, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa kuwa kila asubuhi kutakuwa na faili jepesi juu yake. Dawa yake ni kupima pia umri wa madai ambayo bado hayajaamuliwa, hasa lile kongwe kuliko yote. Wizara ilikuwa na kipimo hicho, na ndicho kilichoonyesha kwamba agizo la kuanza na makongwe lilikuwa likifaulu.

SAA HUSIMAMA LINI?

Mwisho wa kuhesabu nao una mitego yake. Katika juhudi hizo za mwaka 2013 maafisa waliruhusiwa kutoa uamuzi wa muda kwa madai makongwe ambayo ushahidi wake haukuwa umetimia. Mdai angelipwa kwa kadiri ya kilichothibitishwa, kisha apewe mwaka mmoja wa kuongeza ushahidi kabla ya uamuzi kuwa wa mwisho. Kwa mgonjwa asiye na kitu, nusu shari kuliko shari kamili. Tatizo ni kwamba dai liliondolewa katika hesabu ya yanayongoja mara tu uamuzi wa muda ulipotolewa, hali kazi yake ilikuwa bado. Mkaguzi mkuu alilalamikia jambo hilo katika ripoti ya mwaka 2014, akisema hesabu hiyo ilitoa picha isiyo ya kweli ya kazi iliyobaki.

Ubora nao ulipimwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilihesabu dai zima: likiwa na kosa moja tu ndani yake, dai zima lina kosa. Njia ya pili ilihesabu kila jambo lililoamuliwa ndani ya dai. Chukua madai kumi yenye mambo matano kila moja, yaani mambo 50. Makosa mawili yakipatikana katika madai mawili tofauti, njia ya kwanza itasema usahihi ni asilimia 80. Ya pili itasema ni asilimia 96. Mwaka 2011 usahihi kwa kuhesabu madai mazima ulikuwa yapata asilimia 83, na kufikia 2014 ulikuwa umepanda hadi karibu asilimia 90. Kwa njia ya pili ulikuwa karibu asilimia 96. Wizara ilipenda kuitaja njia ya pili, ambayo iko jirani zaidi na lengo la 98.

Njia zote mbili ni halali. Ya pili ina haki yake, kwa kuwa afisa aliyeamua mambo kumi na kukosea moja si sawa na aliyekosea yote. Kosa ni kutangaza lengo kwa kipimo kimoja na kuripoti mafanikio kwa kingine. Mdai anayelipwa pungufu kwa sababu ya kosa moja katika dai lake hafarijiki kwa kuambiwa kwamba mambo mengine manne yalikuwa sahihi.

YALIYOACHWA NJE YA MLANGO

Aidha, kulikuwa na madai ambayo hesabu ya limbikizo haikuyagusa. La kwanza ni dai la kuongeza mke au mtoto kwenye malipo. Hili ni dai rahisi, lakini halikuwa la kupima ulemavu, kwa hivyo halikuwamo katika hesabu. Maafisa waliposukumwa wote kwenye madai ya ulemavu, haya yakarundikana hadi yakapita 200,000.

La pili, na zito zaidi, ni rufaa. Mdai asiyeridhika na uamuzi huanza safari nyingine. Rufaa hazikuwamo katika hesabu ya siku 125, na maafisa waliozishughulikia walivutwa mara kwa mara kusaidia kupunguza limbikizo. Kufikia mwaka 2016 rufaa zilizongoja zilikuwa zimepita 400,000, na nyingi zilichukua miaka. Bunge lililazimika kupitisha sheria mpya mwaka 2017, ikaanza kutumika Februari 2019, ili kuwapa wadai njia fupi za kuomba uamuzi uangaliwe upya.

Si kwamba kila rufaa ilitokana na haraka ya maafisa. Madai yaliyoamuliwa yalipoongezeka, rufaa nazo zilipaswa kuongezeka. Hata hivyo, kazi isiyohesabiwa hukosa wafanyakazi, na hili hutokea bila yeyote kulikusudia. Mkuu wa afisi mwenye maafisa kumi na kipimo kimoja atawapeleka wote kumi mahali kipimo kilipo.

Katika hospitali za wizara hiyo hiyo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Huko lengo lilikuwa mgonjwa amwone daktari ndani ya siku 14, na mwaka 2014 ikafichuka kwamba katika mji wa Phoenix orodha za kungoja zilikuwa zimechezewa ili lengo lionekane limetimia. Kashfa hiyo ndiyo iliyomfanya Shinseki ajiuzulu Mei 30, 2014, kabla ya kuuona mwaka aliouwekea lengo.

JE, LENGO LILIKUWA BURE?

Itakuwa dhuluma kumaliza hapo. Agosti 2015 limbikizo lilishuka chini ya 100,000 kwa mara ya kwanza tangu hesabu hiyo ianze kuwekwa, kutoka zile 611,000. Halikufika sufuri kama ilivyoahidiwa, na baadhi ya kushuka huko kulitokana na mbinu tulizozieleza. Lakini mbinu hizo haziwezi kueleza kushuka kwa madai zaidi ya nusu milioni. Mafaili yalitoka kwenye karatasi yakaingia kwenye kompyuta, na maafisa walifanya kazi jioni na Jumamosi. Wanajeshi wengi walilipwa ambao pengine wangefariki wakingoja.

Kipimo cha siku 125 kingalipo. Sheria ya Agosti 2022 ilipowaruhusu wanajeshi waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka vitani kudai fidia, limbikizo lilipanda tena kupita 300,000, kisha likashuka mwaka 2025. Kwa kuwa siku 125 hazikubadilishwa, mtu anaweza kulinganisha mwaka 2013 na miaka hii yetu. Huo nao ni ubora wa kipimo: kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu.

NA SISI JE?

Hapa Kenya, kifungu cha 203 cha Sheria ya Bima kinazipa kampuni siku 90 za kulipa dai. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, iliyoanza kazi mwaka 2007, ndiyo inayopokea malalamishi ya wanaocheleweshwa. Katika bima ya afya, hospitali zilikuwa zikilalamikia malipo yaliyochelewa tangu enzi za hazina ya NHIF, na malalamishi hayo hayakukoma Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi yake Oktoba 2024. Ni dhahiri kwamba waraka wa malengo mapya utaendelea kuandikwa katika afisi nyingi, za umma na za kibinafsi.

Tuangalie dai la gari lililogongwa. Mwenye gari huripoti ajali, hujaza fomu ya madai, huleta ripoti ya polisi, hati ya umiliki na leseni ya dereva. Kampuni hutuma mkaguzi kukadiria hasara, kisha hukubali au kukataa wajibu. Ikikubali, mdai hutia saini hati ya kuridhika na kiasi, na malipo hufuata. Katika safari hii kuna sehemu mbili ambapo saa huweza kuchezewa. Ya kwanza ni kusema kwamba siku ya kwanza ni siku stakabadhi zote zilipotimia, kisha kuziomba moja moja: leo leseni, juma lijalo hati ya umiliki. Ya pili ni kusema dai limekamilika siku mdai alipotia saini, ilhali pesa zitatoka baada ya miezi miwili.

Kwa mkuu wa idara ya madai anayetaka lengo lake lilete nafuu ya kweli, yaliyotokea Amerika yanampa mambo manne ya kuandika katika waraka wake. Siku ya kwanza iwe siku mdai aliporipoti, na mhuri wa mapokezi uwe ndio shahidi. Siku ya mwisho iwe siku pesa zilipomfikia au barua ya kukataliwa yenye sababu ilipotumwa. Siku ambazo faili linangoja polisi, daktari au mdai mwenyewe zihesabiwe pia, ila ziandikwe katika safu yake, ili afisa asilaumiwe kwa kosa la mwingine na kampuni ijue foleni imekwama wapi. Na kando ya wastani, kila mwezi itajwe idadi ya madai makongwe kumi yaliyosalia na umri wa kila moja, pamoja na idadi ya yale yaliyorudi kwa malalamishi baada ya kuamuliwa.

Jambo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kuwaeleza maafisa sababu. Afisa aliyeambiwa siku 30 bila maelezo atatafuta siku 30. Afisa aliyeambiwa kwamba mwenye matatu hapati riziki gari likiwa gereji, na kwamba mkopo wa gari hilo haungoji, atalitazama faili lililo chini ya rundo kwa jicho jingine. Lakini maelezo hayo hayatakuwa na maana iwapo marupurupu yake ya mwisho wa mwaka yatategemea wastani peke yake. Mficha ugonjwa kifo humuumbua, na idara inayoficha umri wa mafaili yake huumbuliwa na mkaguzi au na mahakama.

Naye msomaji aliye na dai linalongoja asikae akihesabu siku bila ushahidi. Unapowasilisha fomu, dai nakala yenye mhuri na tarehe. Uliza kwa maandishi ni stakabadhi zipi zote zinazohitajika, ili usiombwe moja moja. Na utakapoambiwa kwamba kampuni hulipa kwa siku kadha, uliza swali ambalo wanajeshi wa Amerika walikawia kuliuliza: siku hizo zinahesabiwa kuanzia lini?